Tazama Ncha ya Kipapasio

Msimu wa mvua ukiingia, taa ya barazani hukusanya wadudu wa kila aina, na aghalabu miongoni mwao huwamo mmoja au wawili wakubwa, wa rangi ya kahawia, ambao watu huwapiga picha kwa simu na kuulizana ni nani hawa. Tuchukue picha mbili za namna hiyo, tuseme zimepigwa usiku mmoja katika nyumba moja ya Pwani. Ya kwanza inaonyesha mdudu aliyetua kwenye pazia. Mabawa ameyafunga wima juu ya mgongo, na upande wa nje wa mabawa hayo umechorwa kama jani kavu. Ya pili inaonyesha mdudu aliyejibandika ukutani, mabawa yote manne ameyatandaza. Kila bawa la mbele lina doa kubwa la mviringo kama jicho, na mstari mweupe unakatiza kutoka bawa la upande mmoja hadi la upande wa pili.

Wengi watasema wote wawili ni nondo, kwa sababu ni wa kahawia na wamekuja usiku. Wa pili ni nondo kweli. Wataalamu humwita Cyligramma latona, naye ni mgeni wa kawaida ndani ya nyumba katika sehemu nyingi za Afrika. Lakini yule wa kwenye pazia ni kipepeo. Jina lake ni Melanitis leda. Huruka wakati wa magharibi giza linapoanza kutanda, viwavi wake hula majani ya nyasi na ya mpunga, na taa humvuta ndani kama inavyowavuta nondo. Rangi na saa, vitu viwili ambavyo watu hukimbilia kwanza, vimetupoteza katika picha ya kwanza, na vikatupa jibu sahihi kwa bahati tu katika ya pili.

Sababu yake iko kwenye ukoo wenyewe. Vipepeo na nondo ni kundi moja la wadudu, wale ambao mabawa yao yamefunikwa na vigamba vidogo mno, ile vumbi inayobaki vidoleni ukimshika mmoja wao. Spishi zilizokwisha kupewa majina katika kundi hilo zinazidi 150,000, na kati ya hizo vipepeo ni kama 18,000 tu. Tena vipepeo hawakusimama kando ya nondo kama ukoo wa pili. Wamechipuka ndani ya ukoo wa nondo wenyewe, tawi moja katika mti wenye matawi mengi. Ndiyo maana hakuna alama moja ambayo nondo wote wanayo na vipepeo wote hawana. Zipo alama tatu ambazo picha inaweza kuzionyesha, yaani umbo la vipapasio, unene wa mwili na namna mabawa yalivyokaa mdudu anapotulia, na kila moja ina uzito wake. Mimi huanza na vipapasio. Mabawa nayaweka mwisho, ingawa ndiyo yanayoonekana kwanza.

Rudi kwenye picha ya pazia na uikuze mpaka kichwa kijae kwenye kioo cha simu. Utaona vijiti viwili vyembamba vikitoka juu ya macho kwenda mbele. Usishughulike na shina lake, fuata kila kimoja mpaka kwenye ncha. Kwa kipepeo, ncha hiyo imevimba, imekuwa kirungu. Kwa Melanitis leda kirungu chenyewe ni chembamba, si kama cha vipepeo wakubwa wa maua ambao kirungu chao huonekana hata kwa mbali, lakini kipo. Sasa fungua ya ukutani. Vipapasio vya nondo yule ni kama nyuzi: vinaanza na unene fulani kichwani, kisha vinapungua polepole hadi ncha inapotea. Hakuna uvimbe popote. Kwa picha hizi mbili, kazi imekwisha hapo.

Nondo wengine wana vipapasio vya aina ya tatu, vyenye matawi pande zote mbili kama unyoya wa ndege. Hivi vina maelezo yanayostahili kujulikana, kwa sababu vinatufundisha tusichopaswa kutegemea. Nondo dume anamtafuta jike gizani kwa harufu. Jike hukaa mahali pamoja akitoa harufu kidogo sana inayochukuliwa na upepo, na dume lazima ainase akiwa mbali. Kila tawi la kipapasio chake limejaa vinyweleo vya kunusia, na matawi yakiwa mengi, hewa nyingi zaidi inachujwa. Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Adolf Butenandt na wenzake walitangaza kwamba wamefaulu kuitambua harufu ya nondo wa hariri, ikiwa ya kwanza ya aina hiyo kujulikana kwa muundo wake. Ili kupata kiasi kidogo tu cha kuchunguza, walihitaji tezi za majike wapatao 500,000. Kwa harufu hafifu kiasi hicho, pua nyembamba isingetosha.

Lakini jike hana haja ya kujinusa. Kwa hiyo katika spishi nyingi dume ana vipapasio vya unyoya na jike ana vyembamba, au vyenye matawi mafupi yasiyoonekana pichani. Na spishi nyingi za nondo hazina unyoya kabisa, dume wala jike. Mtu aliyefundishwa kwamba nondo ni yule mwenye manyoya kichwani ataona uzi mtupu wa Cyligramma na kuamua kwamba ni kipepeo. Swali lililo bora ni moja tu: kirungu kipo au hakipo? Kikiwapo, kwa Afrika Mashariki umekaribia sana kusema kipepeo. Kisipokuwapo, ni nondo, awe na unyoya au uzi.

Ugumu unaobaki ni wa picha zaidi kuliko wa mdudu. Simu huchagua yenyewe pa kuelekeza ukali wa picha, na mara nyingi huchagua mabawa kwa kuwa ndiyo makubwa. Vipapasio viko sentimita moja mbele au juu zaidi, navyo hutoka na ukungu. Kipapasio chenye ukungu hunenepa, na ncha yake hutawanyika ikaonekana kama kirungu ambacho hakipo. Dalili ya kwamba umedanganywa ni hii: tazama macho ya mdudu. Kama ukingo wa jicho haujakata vizuri, usiiamini ncha ya kipapasio katika picha hiyo. Ukiwa bado uko na mdudu, gusa kioo cha simu pale kichwa kilipo, subiri ukali uhamie hapo, kisha piga picha kadhaa kutoka ubavuni na kutoka juu. Vipapasio vinapoelekea kwenye kamera moja kwa moja huonekana vifupi na ncha hujificha, kwa hiyo ubavuni ndiko kwenye faida.

Kuna picha ambazo vipapasio havionekani kabisa, na watu huzitupa. Ningeshauri zisitupwe. Nondo wengi wanapolala mchana huvirudisha vipapasio nyuma na kuvificha chini ya mabawa au kuvilaza kando ya mwili, ili kisionekane kitu cha kumshtua ndege. Kipepeo hafanyi hivyo kwa kawaida. Vyake huvielekeza mbele hata akilala, ingawa huweza kuvibana pamoja vikaonekana kimoja. Kwa hiyo picha kali, kichwa kinaonekana wazi, vipapasio havipo, ni ushahidi mdogo unaoelekea upande wa nondo.

Lingine la kuangalia ni vile vipepeo vidogo vya bustanini vya jamii ya Lycaenidae, ambavyo wengi wao bawa la nyuma lina mkia mwembamba kama uzi na kidoa cheusi kwenye shina la mkia. Kipepeo akifunga mabawa, mikia miwili inatokeza nyuma kama vipapasio, na kidoa kinakuwa jicho. Huwa anayasugua mabawa ya nyuma polepole ili mikia ichezecheze. Ndege au mjusi hurukia upande huo, akaambulia kipande cha bawa, na kipepeo akaponea chupuchupu. Mtazamaji wa picha naye hurukia upande huo. Huchunguza mikia, haoni kirungu, akaandika nondo. Kabla hujakuza ncha yoyote, hakikisha umepata miguu na mrija wa mdomo, kwani kichwa kiko huko.

Mwili ndio ushahidi wa pili, na hapa pia watu huangalia pasipo pake. Wanatazama tumbo. Tumbo linabadilika: jike aliyejaa mayai ni mnene awe nani, na aliyekwisha kutaga hunywea. Pa kutazama ni kifua, sehemu iliyo kati ya mashina ya mabawa, ambamo misuli ya kurukia imepangwa. Nondo wengi wana kifua kipana kilichofunikwa na vigamba virefu kama manyoya. Kipepeo wa kawaida ana kifua chembamba, na ukimtazama kutoka juu mwili mzima ni kama mstari katikati ya mabawa.

Tofauti hiyo inatokana na joto. Misuli ya kuruka haifanyi kazi vizuri ikiwa baridi. Kipepeo, ambaye siku yake ni mchana, hujitandaza juani mpaka apate moto. Nondo wa usiku hana jua. Yule mkubwa hutetemesha misuli ya mabawa papo hapo alipo kwa dakika kadhaa kabla ya kuruka, na kazi hiyo huzalisha joto kifuani, kisha manyoya hulizuia lisipotee. Ukimwona nondo mnene barazani anatetemeka mabawa pasipo kuruka, anajipasha moto, na picha itakayopigwa wakati huo itatoka na ukungu kwenye mabawa hata kama mkono wako umetulia.

Ukishaijua sababu hiyo, utajua pia ni wapi kipimo cha mwili kitashindwa. Nondo mwepesi, mwenye mabawa mapana kuliko uzito wake, anayeruka kwa kupepea polepole, hahitaji misuli mingi wala joto jingi. Jamii nzima ya Geometridae, ile ambayo viwavi wake hutembea kwa kujikunja na kujinyoosha mithili ya mtu anayepima kwa shubiri, ina nondo wengi wenye miili myembamba kama ya vipepeo. Katika misitu ya Uganda na magharibi mwa Kenya yumo mmoja wao, Aletis helcita, anayeruka mchana, mwekundu wa chungwa, mwenye ukingo mweusi ulionakshiwa madoa meupe. Rangi hizo karibu zote amefanana nazo na yule kipepeo wa chungwa tunayemwona kila mahali, Danaus chrysippus. Wote wawili hawaliki, na rangi ileile inawafundisha ndege somo moja. Ukiweka picha zao pamoja, mabawa hayatakusaidia na mwili hautakusaidia sana. Danaus ana kirungu cheusi kilicho wazi. Aletis hana.

Kwa upande wa pili wako vipepeo wanene. Hawa ni wa jamii ya Hesperiidae, wanaoruka kwa kasi na kwa kushtukashtuka, wenye kichwa kipana, kifua kinene na mara nyingi rangi za kahawia. Ukimwona mmoja wao pichani, kila kitu kinasema nondo isipokuwa kipapasio, na hata kipapasio kina jambo lake: baada ya kirungu, ncha hupinda ikawa kulabu ndogo. Ukitazama kwa makini utaona pia kwamba mashina ya vipapasio vyake yako mbalimbali kichwani, kila kimoja karibu na jicho lake. Wapo nondo wa jamii ya Sphingidae, wale wanaoelea mbele ya ua bila kutua wakinyonya mbochi kwa mrija mrefu, ambao vipapasio vyao nao hunenepa kuelekea mwisho na kuishia kwa kulabu. Hapo ndipo macho yanahitaji utulivu. Wa nondo ananenepa polepole kwa urefu wote, hana mahali ambapo unaweza kusema uvimbe umeanzia hapa. Wa kipepeo ana shina jembamba, halafu uvimbe, halafu kulabu.

Nimeyaacha mabawa mwisho kwa sababu yanategemea zaidi ya mengine wakati ambao picha ilipigwa. Kanuni inayofundishwa ni kwamba kipepeo akitulia hufunga mabawa wima juu ya mgongo, na nondo huyalaza. Ni kanuni nzuri ikiwa mdudu kweli amepumzika. Lakini picha nyingi za vipepeo hupigwa asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne, njiani au juu ya jiwe, na saa hizo kipepeo anaota jua. Mabawa ameyatandaza kabisa, amelala bapa, sawasawa na nondo wa ukutani. Picha ya namna hiyo haisemi lolote kuhusu mkao wake wa kupumzika. Jiulize kwanza kama kuna jua na kivuli pichani. Kama kuna jua kali na mabawa yako wazi, iache alama hii, rudi kwenye ncha.

Mkao mmoja wa mabawa nauamini zaidi ya mingine. Nondo wengi hulaza mabawa ya mbele kurudi nyuma, yakafunika ya nyuma kabisa, yakateremka kila upande kama paa la nyumba na mwili ukiwa chini ya mgongo wa paa. Ukiuona mkao huo kwa uwazi, mabawa ya nyuma hayaonekani na ukingo wa juu umesimama, ni vigumu kumpata kipepeo wa kwetu anayekaa hivyo. Nondo wengine, kama wa Sphingidae, huyarudisha nyuma yakawa pembetatu bapa. Mabawa yaliyofungwa wima nayo yanaelekea kwa kipepeo mara nyingi, na ndivyo ilivyokuwa kwa yule wa kwenye pazia. Lakini mara nyingi si siku zote.

Aliye bora kwa kulipima hilo ni nondo mmoja wa Madagaska ambaye picha zake husambazwa sana huku akiitwa kipepeo mrembo kuliko wote. Ni Chrysiridia rhipheus. Mabawa yake ni meusi yenye mawimbi ya kijani, dhahabu na nyekundu ya shaba, na bawa la nyuma lina mikia kadhaa. Rangi hizo hazitokani na wino wowote ndani ya bawa. Zinatokana na jinsi vigamba vilivyojengwa kwa tabaka nyembamba zinazorudisha mwanga, ndiyo maana hubadilika ukibadilisha pembe ya kamera. Anaruka mchana. Mwili wake ni mwembamba. Akitulia hufunga mabawa wima mgongoni. Dru Drury, mkusanyaji wa wadudu wa London aliyemwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1773, alimweka pamoja na vipepeo, na ukizingatia alama alizoziona mbele yake, ni rahisi kuelewa kwa nini.

Tumpitishe kwenye vipimo vyetu. Saa: mchana, haitoshi kitu. Rangi: ya kipepeo, haitoshi kitu. Mabawa: wima, yanaelekea kipepeo. Mwili: mwembamba, unaelekea kipepeo. Mtu anayehesabu kura atatangaza kipepeo kwa ushindi mkubwa. Kuza kichwa sasa. Vipapasio ni vyeusi, vinanenepa kidogo kuelekea katikati, kisha vinapungua tena taratibu mpaka ncha iliyo nyembamba. Kirungu hakuna. Alama hiyo moja inazishinda mbili zilizotangulia, kwa sababu wembamba wa mwili na mkao wa mabawa hufuata maisha ya mdudu. Nondo yeyote atakayehamia mchana na kuruka kwa wepesi anaweza kuvipata. Kirungu kinafuata ukoo zaidi kuliko maisha. Wapo wachache duniani wanaovuka mpaka huo, wakiwamo nondo wa Zygaenidae wenye ncha zilizonenepa na vipepeo fulani wa Amerika ya kitropiki wasio na kirungu, kwa hiyo mtu anayetazama picha kutoka mabara mengine lazima aulize kwanza imepigwa wapi.

Huyu wa Madagaska ana ndugu kwetu, Chrysiridia croesus, anayepatikana Kenya, Tanzania ikiwamo Zanzibar, na kusini hadi Msumbiji na Zimbabwe. Naye ni mweusi wa kung'aa, naye huruka mchana. Ukibahatika kumkuta kwenye maua, usiridhike na picha ya kutoka juu. Vipapasio vyeusi juu ya mabawa meusi hupotea kabisa, na mng'ao wa mabawa huifanya simu ipunguze mwanga na kukizamisha kichwa kwenye giza. Zunguka mpaka upate majani au anga nyuma ya kichwa, gusa kioo hapo, upige. Bila ncha hizo mbili pichani, hakuna atakayeweza kumthibitishia anayebisha kwamba jamii yake, Uraniidae, ni ya nondo.